Jeni Moja, Majibu Mengi: Kwa Nini Kufuta Jeni Katika Tishu Moja Mara Nyingi Hufundisha Zaidi ya Kuifuta Mwili Mzima

Habari za utafiti unaofanywa kwa panya huwafikia wagonjwa na wahudumu wa afya zikiwa zimefupishwa mno. Mtu mwenye kisukari anaweza kusikia kwamba panya waliokosa kipokezi cha insulini walikuwa wembamba na waliishi muda mrefu kuliko wenzao. Mwingine anaweza kusikia kwamba panya waliokosa kipokezi hicho hicho walikufa siku chache baada ya kuzaliwa. Habari zote mbili ni za kweli. Kinachozitofautisha ni neno moja lililodondoka njiani, nalo ni mahali. Kundi la kwanza lilikosa kipokezi katika tishu za mafuta, na kundi la pili lilikikosa mwili mzima.

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba, kwa jeni inayofanya kazi katika tishu nyingi, kuifuta katika tishu moja mara nyingi ni jaribio bora kuliko kuifuta mwili mzima, kwa kuwa huuliza swali linaloweza kujibika. Hata hivyo jibu lake ni mali ya tishu ile tu, na anayelihamishia kwa mwili mzima wa mgonjwa anaweza kuleta madhara. Kipokezi cha insulini kinafaa kuwa mfano, kwa sababu kimechunguzwa kwa njia zote mbili, na kwa sababu kinahusu ugonjwa ambao wasomaji wengi wanauishi au wanautibu.

Kuzima swichi kuu

Insulini hutoka katika seli beta za kongosho, ikasafiri na damu, ikatambuliwa na kipokezi kilicho juu ya utando wa seli. Kipokezi hicho hakikai mahali pamoja. Kipo katika misuli, ini, mafuta, ubongo, na hata katika seli beta zenyewe. Katika kisukari cha aina ya pili, tishu huitikia insulini kwa unyonge, hali inayoitwa usugu wa insulini. Kwa muda mrefu wataalamu wamejiuliza ni usugu wa tishu ipi unaopandisha sukari. Misuli ndiyo iliyoshukiwa zaidi, kwa kuwa mtu anapopewa insulini, sehemu kubwa ya sukari inayoondoka katika damu huingia misulini.

Njia ya kwanza ya kulichunguza swali hilo ilikuwa kuondoa kipokezi chote. Mbinu ya kubadilisha jeni iliyochaguliwa katika seli shina za kiinitete cha panya, iliyowapatia Mario Capecchi, Martin Evans na Oliver Smithies Tuzo ya Nobeli mwaka 2007, iliwezesha kuzaliwa kwa panya ambao jeni fulani haifanyi kazi katika seli yao yoyote. Mwaka 1996 Domenico Accili na wenzake walieleza panya waliokosa kipokezi cha insulini kwa namna hiyo. Watoto hao wa panya walizaliwa wakiwa na umbo linalokaribia la kawaida. Walipoanza kunyonya, sukari katika damu yao ilipanda sana, ketoni zikajaa, damu ikawa na asidi nyingi, nao wakafa ndani ya siku chache.

Jaribio hilo lilithibitisha jambo moja bila shaka: panya hawezi kuishi baada ya kuzaliwa bila kipokezi cha insulini. Lakini swali la tishu lilibaki palepale. Ini, misuli na mafuta viliharibika kwa wakati mmoja, kila kimoja kikiathiri vingine kupitia damu. Tena mnyama alikufa kabla hajafika umri ambao kisukari cha aina ya pili huanza kujengeka. Fundi umeme anayetafuta waya unaowasha taa ya jikoni hapati jibu kwa kuzima swichi kuu ya nyumba. Atajua tu kwamba nyumba inahitaji umeme, jambo alilolijua kabla hajapanda ngazi.

Lipo tatizo jingine, lisiloonekana kwa urahisi. Jeni inapokosekana tangu yai linaporutubishwa, mwili hukua bila hiyo jeni. Wakati mwingine kiinitete hufa, na mtafiti hapati mnyama wa kupima. Wakati mwingine jeni nyingine huziba pengo, na mnyama huonekana mzima ingawa jeni iliyofutwa ina kazi muhimu katika mnyama aliyekomaa. Katika hali zote mbili, matokeo husimulia zaidi habari za ukuaji kuliko habari za ugonjwa unaochunguzwa.

Mkasi na alama mbili

Njia ya kukata waya mmoja ilipatikana kutoka kwa kiumbe kisichohusiana na panya wala kisukari. Bakteriofaji P1 ni virusi vinavyoshambulia bakteria, navyo vina kimeng'enya kiitwacho Cre. Kimeng'enya hicho hutafuta katika DNA alama fupi yenye herufi 34 inayoitwa loxP. Herufi 13 za mwanzo na 13 za mwisho ni taswira ya kioo, na katikati zipo herufi 8 zinazoipa alama mwelekeo:

```
ATAACTTCGTATA GCATACAT TATACGAAGTTAT
```

Alama mbili za loxP zinapokaa katika uzi mmoja wa DNA zikielekea upande mmoja, Cre hukata kwenye alama zote mbili, huunganisha ncha zilizobaki, na kipande kilichokuwa katikati hutoka kama duara na kupotea. Zikielekeana kinyume, kipande hakitoki bali hugeuzwa tu. Kwa hiyo mwelekeo wa zile herufi 8 za katikati huamua kama jeni itafutwa au itapinduliwa.

Katika jeni ya kipokezi cha insulini, alama hizo ziliwekwa pande mbili za eksoni ya nne, ndani ya maeneo ya DNA ambayo hayatumiki kutengeneza protini. Hapo ndipo ulipo uzuri wa mbinu hii. Pasipo na Cre, alama hukaa kimya, jeni husomwa kama kawaida, na panya huishi bila kasoro. Cre ikiwapo, eksoni ya nne huondoka, usomaji wa jeni hupoteza mpangilio wake, na kipokezi kamili hakitengenezwi tena katika seli hiyo wala katika seli zitakazozaliwa nayo.

Kinachobaki ni kuamua Cre iwepo wapi. Kila tishu ina jeni inazoziwasha yenyewe, na mbele ya kila jeni ipo sehemu ya DNA inayofanya kazi kama swichi. Wahudumu wa afya wanazijua baadhi ya protini hizo kutokana na majibu ya maabara. Albumini hutengenezwa na seli za ini, ndiyo maana hupimwa mtu anaposhukiwa kuwa na ugonjwa wa ini. Kreatini kinezi ya misuli hupanda katika damu misuli inapoumia. Mtafiti huchukua swichi ya albumini, huiunganisha na jeni ya Cre, naye hupata panya ambaye mkasi wake hutengenezwa katika seli za ini. Akichukua swichi ya kreatini kinezi ya misuli, mkasi hutengenezwa katika misuli ya mifupa na pia katika moyo.

Klaus Rajewsky na wenzake nchini Ujerumani walionyesha mwaka 1994 kwamba njia hii inafaa kwa kufuta jeni katika aina moja ya seli za panya. Walifuta jeni ya polimerezi beta, kimeng'enya kinachosaidia kutengeneza DNA, katika seli T za kinga. Ilifaa kuanza na jeni hiyo, kwa kuwa kuifuta mwili mzima humuua mnyama.

Kupata panya wanaohitajika huchukua vizazi viwili. Kwanza panya mwenye alama za loxP katika nakala zote mbili za jeni hupandishwa na panya mwenye Cre. Kila mtoto hupata nakala moja yenye alama, na nusu yao hupata Cre pia. Hao wenye vyote viwili hupandishwa tena na panya mwenye nakala mbili zenye alama. Katika uzao huo wa pili, mtoto mmoja kati ya wanne kwa wastani huwa na nakala mbili zenye alama pamoja na Cre. Panya akizaa watoto wanane, mtafiti hutarajia wawili tu wa kundi analolihitaji. Panya hubeba mimba kwa takribani wiki 3, na watoto huhitaji wiki 6 hadi 8 kabla ya kuzaa. Kwa sababu hiyo miezi kadhaa hupita kabla ya kipimo cha kwanza cha sukari.

Ndugu wa uzao mmoja wana umuhimu mkubwa. Wale wenye alama bila Cre ndio walinganishwa wa asili, kwani wamenyonya kwa mama mmoja, wamekaa kizimba kimoja na wamekula chakula kimoja. Linahitajika pia kundi lenye Cre bila alama, ambalo huzalishwa kwa upandishaji mwingine. Sababu yake itaonekana baadaye, na mara nyingi ndilo kundi linaloachwa ili kupunguza gharama.

Tishu moja moja zilivyojibu

Kundi la Ronald Kahn katika Kituo cha Kisukari cha Joslin, Boston, ndilo lililotumia njia hii kukifuta kipokezi cha insulini, tishu baada ya tishu. Misuli ilitangulia, mwaka 1998, na jibu lake liliwashangaza wengi. Panya waliokosa kipokezi misulini walikuwa na sukari ya kawaida, insulini ya kawaida, na walipopewa glukosi waliistahimili kama wenzao. Hata hivyo hawakuwa wazima kabisa. Mafuta yao ya mwili yaliongezeka, na trigliseridi na asidi za mafuta katika damu zilipanda. Sukari ambayo misuli ilishindwa kuichukua kwa amri ya insulini ilielekezwa zaidi kwenye tishu za mafuta.

Uchunguzi uliofuata katika panya hao ulionyesha jambo lenye manufaa kwa kila anayemshauri mgonjwa kufanya mazoezi. Misuli yao ilipofanya kazi, iliendelea kuchukua sukari ingawa haikuwa na kipokezi cha insulini. Misuli ina njia mbili za kuingiza sukari: moja hufunguliwa na insulini, nyingine hufunguliwa na kujikunja kwa misuli yenyewe. Ushauri wa kutembea baada ya chakula ulikuwepo kabla ya jaribio hilo, lakini hapo msingi wake ulionekana waziwazi. Jaribio la mwili mzima lisingeweza kulionyesha, kwa kuwa mtoto wa panya anayekufa katika wiki yake ya kwanza hawezi kupimwa mazoezi.

Ini lilitoa jibu tofauti kabisa. Mwaka 2000 kundi hilo lilieleza panya waliokosa kipokezi katika ini. Hao walishindwa kuistahimili glukosi, na insulini katika damu yao ilipanda mno. Ini lisilosikia insulini huendelea kutengeneza sukari na kuimwaga katika damu hata baada ya mlo, wakati ambapo lingepaswa kunyamaza. Tena ini ndilo linaloondoa sehemu kubwa ya insulini katika damu, na bila kipokezi kazi hiyo hudhoofika. Mshukiwa mkuu, misuli, alikutwa na hatia ndogo kuliko ilivyodhaniwa, na ini likawa na hatia kubwa.

Tishu za mafuta zikageuza picha tena. Panya waliokosa kipokezi humo, walioelezwa mwaka 2002, hawakunenepa kama wenzao ingawa walikula kiasi kile kile, na mwaka uliofuata iliripotiwa kwamba maisha yao yalikuwa marefu kwa takribani asilimia 18. Panya waliokosa kipokezi katika mfumo wa neva walielekea kunenepa na uzazi wao ukapungua, jambo lililoonyesha kwamba ubongo nao husikiliza insulini.

Haya yote yametoka katika jeni moja. Iliyofutwa katika misuli ilibadilisha mafuta ya damu, katika ini ilivuruga sukari, katika mafuta ilizuia unene, na katika ubongo ilielekeza kwenye unene. Kuifuta mwili mzima kulificha majibu yote hayo ndani ya kifo kimoja.

Mkasi unapokata pasipotakiwa

Anayeitetea njia hii hana budi kusema pia jinsi inavyodanganya. Neno la kufuta jeni katika tishu moja ni ahadi ya swichi iliyotumika, na swichi hazitimizi ahadi kwa kiwango kimoja.

Wale panya wembamba ndio mfano wenye mafunzo zaidi. Cre yao iliwashwa na swichi ya protini inayobeba asidi za mafuta, iliyofahamika kwa jina la aP2. Baadaye ilidhihirika kwamba swichi hiyo hufanya kazi pia katika makrofaji na seli nyingine zisizo za mafuta, na katika seli za mafuta zenyewe si zote zinazokatwa. Ilipopatikana swichi ya adiponektini, inayowaka katika seli za mafuta kwa umakini zaidi, jaribio lilirudiwa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalikuwa ya kutisha. Panya walipoteza karibu mafuta yao yote meupe, mafuta yakahamia katika ini, nao wakapata kisukari kikali. Jeni ilikuwa ile ile na jina la tishu lilikuwa lile lile. Mkasi sahihi zaidi ulileta picha iliyo karibu kinyume na ile ya kwanza.

Hitilafu ya pili hutokana na Cre yenyewe. Ili kufuta jeni katika seli beta za kongosho, watafiti wengi walitumia swichi ya jeni ya insulini ya panya-buku. Swichi hiyo huwaka pia katika baadhi ya seli za haipothalamasi, sehemu ya ubongo inayosimamia njaa na matumizi ya nishati. Zaidi ya hapo, mwaka 2006 iliripotiwa kwamba panya wa aina hiyo walikuwa na Cre tu, bila jeni yoyote iliyowekewa alama, na bado walishindwa kuistahimili glukosi. Mtafiti ambaye walinganishwa wake wote hawana Cre angeuona udhaifu huo na kuuhesabu kama matokeo ya jeni aliyoifuta. Hii ndiyo sababu ya lile kundi la Cre bila alama. Gharama ya kulifuga ni ndogo ikilinganishwa na miaka ya kukimbilia jibu lisilokuwepo.

Hitilafu ya tatu hugeuza jaribio la tishu moja kuwa la mwili mzima bila mtafiti kujua. Swichi ikiwaka kidogo katika yai au mbegu ya kiume, jeni hufutwa humo, na mtoto atakayezaliwa atakuwa na nakala iliyofutwa katika kila seli yake. Namna ya kuligundua ni rahisi. Mtafiti hukata kipande kidogo cha sikio au ncha ya mkia, akaongeza DNA yake kwa kipimo cha PCR, na kutazama mistari katika jeli. Nakala yenye alama huwa ndefu kidogo kuliko ya kawaida kwa sababu ya loxP iliyoongezwa, na nakala iliyofutwa huwa na urefu wake wa pekee. Katika panya aliyekusudiwa kufutwa jeni ya ini, sikio halipaswi kuonyesha mstari mzito wa nakala iliyofutwa. Ukionekana, panya huyo huondolewa katika hesabu.

Hata pale Cre inapokaa mahali pake, kukata hakukamiliki kila wakati. Baadhi ya seli huponyoka, na tishu hubaki mchanganyiko wa seli zenye jeni na zisizonayo. Kwa hiyo DNA peke yake haitoshi kuwa ushahidi. Protini yenyewe lazima ipimwe katika tishu iliyolengwa na katika tishu zilizokusudiwa kubaki salama. Katika ini, kiasi kidogo cha protini kitaendelea kuonekana hata kama kila seli ya ini imekatwa, kwa kuwa ini lina pia seli za mishipa na za kinga ambazo haziwashi albumini. Anayesoma kipimo hicho sharti akumbuke muundo wa ogani kabla ya kusema kwamba jaribio limeshindwa.

Ipo pia njia ya kuchagua wakati. Cre hutengenezwa ikiwa imeunganishwa na sehemu ya kipokezi cha estrojeni iliyobadilishwa, nayo hubaki nje ya kiini cha seli mpaka panya apewe tamoksifeni, dawa ambayo wengi wanaijua kwa matibabu ya saratani ya matiti. Kwa njia hiyo mnyama hukua akiwa na jeni kamili, nayo hufutwa akiwa mtu mzima. Lakini tamoksifeni nayo ina athari zake katika mafuta na homoni, hivyo walinganishwa lazima wapewe dozi ile ile.

Mahali ambapo mwili mzima una haki yake

Kuna maswali ambayo kufuta mwili mzima huyajibu vizuri zaidi. La kwanza ni la magonjwa ya kurithi. Mtoto aliyezaliwa na kasoro katika nakala zote mbili za jeni ana kasoro hiyo katika kila seli, na mnyama anayefanana naye ni yule aliyefutwa jeni mwili mzima. Watoto wenye sindromu ya Donohue, ugonjwa adimu sana, huzaliwa na kipokezi cha insulini kilichoharibika vibaya. Huzaliwa wakiwa wadogo mno, na wengi hufariki mapema katika utoto. Mtoto wa panya asiye na kipokezi huzaliwa akiwa na uzito unaokaribia wa kawaida, na tofauti hiyo inafundisha kwamba ukuaji wa mimba ya binadamu unaitegemea insulini zaidi. Bila jaribio la mwili mzima, ulinganisho huo usingekuwepo.

Swali la pili ni la dawa. Kidonge kinachomezwa huenda na damu kila mahali, na hakijui kuchagua ini na kuacha misuli. Dawa inayozuia protini fulani mara nyingi hufanana zaidi na kufuta nusunusu mwili mzima kuliko kufuta katika tishu moja. Anayetaka kubashiri madhara ya dawa kwa hiyo atahitaji panya wa aina zote mbili: wa tishu moja ili ajue faida inatoka wapi, na wa mwili mzima ili ajue hatari ziko wapi.

Njia hizo mbili hukutana katika jaribio jingine la Accili na wenzake, lililochapishwa mwaka 2004. Walichukua panya waliokosa kipokezi mwili mzima, wakakirudisha katika ini, seli beta na ubongo tu. Panya hao hawakufa baada ya kuzaliwa, hawakupata kisukari, na waliweza kuzaa. Misuli na mafuta vilibaki bila kipokezi, na mnyama akaishi. Kuondoa tishu moja huonyesha kile kinachoharibika. Kurudisha tishu chache huonyesha zile zinazotosha. Majibu hayo yalipokubaliana kuhusu ini na misuli, hoja ilipata nguvu ambayo njia moja peke yake isingeipa.

Neno lisiloruhusiwa kudondoka

Kutokana na hayo, habari ya panya aliyefutwa jeni haijakamilika mpaka iseme mambo matatu: jeni ilifutwa katika tishu ipi na kwa swichi gani, ilifutwa lini katika maisha ya mnyama, na mnyama alilinganishwa na nani. Mhudumu wa afya anayeletewa habari hiyo na mgonjwa hahitaji maabara ili kuyauliza. Mara nyingi muhtasari wa utafiti huyataja, na pale usipoyataja, ukimya huo ni sababu ya kuchelewa kuamini.

Ulazima wa kuuliza unaonekana wazi kwa mgonjwa anayetumia insulini. Akiambiwa tu kwamba panya wasioisikia insulini walikuwa wembamba na waliishi zaidi, anaweza kuona sindano yake kuwa adui wa uzito wake, akaruka dozi au akaiacha. Kwa mtu mwenye kisukari cha aina ya kwanza, kuacha insulini hakumfanyi kuwa sawa na panya waliofutwa kipokezi katika mafuta. Insulini inapokosekana katika damu, ini, misuli na mafuta huikosa kwa pamoja. Hali yake hukaribia ile ya watoto wa panya wa mwaka 1996: sukari hupanda, ketoni hujaa, damu huwa na asidi, na kifo kinaweza kuja ndani ya siku chache. Kiu kali, kukojoa mara kwa mara, kutapika, maumivu ya tumbo na kupumua kwa nguvu na kwa haraka ni dalili za kumkimbiza hospitali bila kusubiri.

Panya wembamba waliishi kwa sababu ini lao lilikuwa bado linaisikia insulini. Maelezo hayo yalikuwemo katika utafiti tangu mwanzo, katika neno linalotaja tishu. Anayemsimulia mgonjwa habari hiyo ana wajibu wa kulitamka.